Tano Iliyolala

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni ile tano. Katika picha iliyoingia kwenye simu ya duka, juu ya kifungio cha mkufu, palikuwa na mhuri wa 750, na tano yake ilikuwa imelalia kushoto kama mtu anayesinzia.

Ujumbe ulikuwa mfupi: "Fundi, nimeuziwa huu. Ni dhahabu kweli?"

Kimya aliweka chini kitambaa cha kung'arishia. Kando ya tano palikuwa na chembe ya lehemu, na lehemu ile aliiweka yeye, mwaka ule kifungio cha bibi yake kilipokatika.

Bibi alikuwa amezikwa na mkufu huo miezi sita iliyopita. Mwenyewe aliuomba.

Mjomba, mwenye duka, alichungulia begani kwake.

"Huu ni wa mama," alisema. "Nani alimvisha siku ile?"

Mjomba alijua jibu. Kimya ndiye aliyeleta mkufu ukiwa kwenye kitambaa, na Mama Mdogo ndiye aliyemvisha marehemu akafunga jeneza. Nusu saa haikupita, Mama Mdogo alikuwa amesimama mbele ya meza ya kazi, mtandio umemteleza.

"Kaka, unaniita mwizi wa maiti?"

"Nimekuita uone picha, dada."

"Nimeona. Hebu niambie wewe fundi, picha hii ni dhahabu?"

Mjomba alikuza picha mpaka ikawa madoadoa. "Siwezi kusema. Rangi inatoka kwenye taa. 750 ni dhahabu sehemu mia saba na hamsini katika elfu, lakini mhuri unakisemea kifungio tu. Naweza kufunga kifungio cha dhahabu kwenye mkufu wa shaba. Tena ukitengeneza kalibu ya kumiminia, mhuri wenyewe unanakilika. Ncha za namba zinakuwa butu, ila hapa sijui ni butu au simu imetikisika. Na picha haina uzito."

"Basi funga mdomo mpaka uwe na uzito," alisema Mama Mdogo, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Siondoki hapa. Nikitoka na jina hili, sitalivua tena."

Ikaingia picha ya pili. Mwanamke amejipiga picha mwenyewe, shingo tu. Kifungio kilikuwa mbele, chini kidogo ya koo. Hivyo ndivyo Bibi alivyokivaa, kwa kuwa mikono yake haikufika tena nyuma.

Mjomba akamwandikia mwanamke aulete.

Alifika mchana huohuo, mtu mpole mwenye kikapu. Aliununua sokoni, kwa mchuuzi wa kupita.

"Mbona umevaa kifungio mbele?" aliuliza Mama Mdogo.

Mwanamke alicheka kidogo, bila furaha. "Kila nikikigeuza nyuma, kinarudi. Nimechoka kushindana nacho." Akauvua upesi, kama anayetua mzigo.

Mjomba aliuweka kwenye mizani. Gramu kumi na mbili. "Wa mama ulikuwa ishirini na moja," alisema, na sauti yake ikaanza kulegea. Akachukua tupa, akakwaruza kidogo upande wa ndani wa kifungio kupita ngozi ya juu, akausugua mkwaruzo ule kwenye jiwe jeusi. Mstari ulibaki, wa manjano. Akaudondoshea tindikali. Mstari ukachemka kijani, ukafutika wote. Akaweka lenzi jichoni. "Ncha butu. Umemiminwa. Shaba iliyochovywa dhahabu tu."

Akajishika kichwa. "Dada, nisamehe. Wa mama uko naye."

"Nilikwambia," alisema Mama Mdogo, machozi yanamtoka huku anacheka. "Fundi mzima unamhukumu dada yako kwa picha!"

Hata mwanamke mgeni alitabasamu. Kimya peke yake hakutabasamu. Alikuwa ameuinua mkufu kwenye mwanga. Katikati ya pete za mnyororo, mahali ambapo kitambaa hakifiki, palikuwa na udongo mwekundu, mkavu, kama ule wa makaburini.

Alikumbuka ile wiki Bibi alipokuwa hajitambui. Alikumbuka kalibu, shaba iliyoyeyuka, mnyororo alioutafuta ufanane, na jinsi tano ilivyotoka imelala vilevile. Hakuweza kuiacha dhahabu ile iende chini. Ilikuwa na joto la shingo aliyoikumbatia tangu utoto. Sasa ilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la vifungo, na asubuhi ya leo alikuwa ameigusa.

"Mjomba," alisema. Wote waligeuka, maana hakuwa mtu wa kuanza maneno. "Huu ndio tuliomzika nao. Wa dhahabu ninao mimi. Nendeni mkamwangalie Bibi."