Barafu ya Mzee Kashaija

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni soksi. Mzee Kashaija alikuwa amevaa soksi mbili zisizofanana, moja nyeusi na nyingine ya bluu, na yeye ni mtu anayeng'arisha viatu hata siku ambayo hatoki kiwandani. Nilitaka kumwambia kabla hajapanda gari. Sikumwambia. Nilipanda kiti cha nyuma, nikashika bahasha ya nyaraka magotini, tukaondoka Igombe kuelekea mjini.

Kiwanda chetu, mali ya Mzee, kilikuwa cha barafu. Kilikuwa karibu na ziwa, upande wa Ilemela, na mabonge yetu yalinunuliwa na wachuuzi wa sangara na watu wa mialo, kule mitumbwi inakoshushia samaki. Tulikuwa wafanyakazi kumi na mmoja. Mimi nilifagia ofisi, nilichemsha chai, na nilikaa mezani mlangoni kupokea wageni pale Mzee alipokuwa nje. Sikumaliza darasa la sita, lakini kusoma najua, na Mzee aliniamini akanikabidhi mhuri wa kampuni.

Siku ile tulikuwa tunakwenda ofisi ya Mamlaka ya kodi kuomba kitu kimoja tu. Mamlaka ilikuwa imeiandikia benki izuie fedha za kampuni na kuzipeleka kwake, kwa sababu ya kodi ambayo Mzee alikuwa ameipinga. Mzee alikuwa anakwenda kuomba wasimamishe kukamata mpaka pingamizi lake lisikilizwe. Akaunti isipofunguliwa kabla ya mwisho wa mwezi, bili ya umeme isingelipwa. Na bila umeme, barafu ni maji.

Pingamizi lenyewe hata mimi nililielewa. Wakaguzi walihesabu makopo yote tunayogandishia barafu kwa siku, wakayazidisha kwa siku za miaka mitatu, wakasema yote yameuzwa. Bernadetta, mhasibu wetu aliyekuwa akija Jumanne na Ijumaa, alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hao watu hawajawahi kumsubiri mteja juani. Barafu inapasuka ikitolewa, inayeyuka ikisubiri mtumbwi, na msimu wa sangara wachache inabaki mpaka tunaimwaga. Aliandika yote hayo vizuri na akayatuma.

Lakini shida haikuwa barafu. Shida ilikuwa tarehe, na ndiyo maana nilikuwa kwenye kiti cha nyuma.

Barua ya makadirio ililetwa kiwandani tarehe nne Machi. Mzee hakuwepo. Alikuwa Muleba, amekwenda kumzika mama yake, na baada ya maziko kilifuata kikao cha ukoo juu ya kibanja, shamba la migomba la familia. Kabla ya kuondoka alitukusanya wote karibu na mashine, akasema mambo ya ofisi asiyasikie mpaka arudi. Basi mtu wa Mamlaka akaja, baba mmoja mwenye kipara, akatoa barua mbili zinazofanana. Moja akaniachia, nyingine akaniomba niigonge mhuri, niandike jina, nitie sahihi na tarehe. Niliugonga mhuri umenyooka kabisa. Juu ya bahasha paliandikwa "Mkurugenzi".

Bernadetta alikuja Ijumaa ya wiki ile. Sikumpa. Mwaka uliotangulia niliwahi kumpa barua ya Mkurugenzi, na Mzee akaniita akaniambia kwa upole, lakini mbele ya watu, kwamba barua ya mkurugenzi ni ya mkurugenzi. Niliiweka kwenye droo yake. Aliporudi tarehe ishirini nilimkabidhi kwa mikono miwili, nikampa pole ya msiba. Yeye akadhani imefika karibuni. Bernadetta alipomuuliza imefika lini, alijibu, "Juzi juzi hapa." Hakuna aliyeniuliza mimi.

Sheria ilikuwa hivi, kama nilivyokuja kuielewa. Anayepinga ana siku thelathini tangu apokee barua. Lakini pingamizi halipokelewi mpaka alipe theluthi ya kodi aliyokadiriwa, au kile anachokikubali kama ni kikubwa zaidi. Kama theluthi inamshinda, anaweza kuomba asamehewe au apunguziwe, ila ombi hilo lina siku kumi na tano tu. Bernadetta alipeleka vyote pamoja tarehe mosi Aprili. Kwa hesabu yake, ya kuanzia tarehe ishirini, alikuwa na muda wa kutosha. Kwa hesabu ya mhuri wangu, pingamizi liliwahi kwa siku mbili. Ombi la theluthi lilikuwa limechelewa kwa siku kumi na tatu.

Tulipokelewa ghorofa ya pili, kitengo cha madeni, na bwana mmoja aitwaye Ndalahwa. Alikuwa mtu mcheshi. Mzee alipojitambulisha, akamwamkia shikamoo kwa heshima, kisha akasema, "Lakini Mzee, nyie kina nshomile mmesoma kuliko sisi wote, mnashindwaje kuhesabu siku?" Watu wa ziwa huku wanawatania Wahaya kwa neno hilo, kwamba ni wasomi. Siku nyingine Mzee angejibu kwamba Wasukuma wanahesabu ng'ombe tu. Siku ile alitabasamu kidogo, akasukuma barua yake mezani.

Alieleza kwa utaratibu. Kwamba pingamizi liko mezani kwao, halijaamuliwa. Kwamba si haki kumkamua mtu huku malalamiko yake hayajasomwa. Kwamba anaomba notisi ya benki iondolewe kwa muda tu. Ndalahwa alisikiliza mpaka mwisho, akageuza skrini ya kompyuta yake ili Mzee aone.

"Mzee wangu, ungekuwa na pingamizi lililopokelewa, mimi nisingegusa akaunti yako," alisema. "Hili limewasilishwa, ila halijapokelewa. Theluthi haijalipwa, na ombi la kusamehewa limekuja nje ya muda. Kwangu hapa hilo ni deni la kawaida."

"Nilipe theluthi kwa nini, na fedha mmeishika?"

"Iliyomo benki haifiki hata nusu ya theluthi."

"Basi niachieni nifanye kazi niipate."

Ndalahwa alichukua fomu. Alisema kuna njia moja, Mzee aombe kulipa kwa awamu. Angemsaidia kuandika, na benki ingeweza kuandikiwa. Lakini fomu aliyoichukua ilikuwa na mstari unaosema mlipakodi anakiri deni. Mzee aliusoma ule mstari mara mbili, kidole kikiwa chini yake. Aliuliza, akishakiri, pingamizi linakwenda wapi. Ndalahwa alisema, "Utakuwa unapinga kitu ulichokikubali, Mzee." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine.

Mzee akarudisha fomu. Ndipo akanigeukia. Alisema barua haikumfikia tarehe nne. Ilimfikia huyu binti, naye ni mtu wa usafi, shule yake ni ndogo, hakujua amepokea nini. Hawezi mtu kuanza kuhesabiwa siku kwa kitu kilichopokelewa na mtu asiyejua. Aliomba siku zianze tarehe ishirini.

Njiani alikuwa ameniambia nisiogope, niseme ukweli tu, kwamba sikujua. Sikukasirika aliposema shule yangu ni ndogo. Ni ndogo kweli.

Ndalahwa alitoa nakala kwenye faili. Nikauona mhuri wangu, umenyooka. Akaniuliza jina, nikasema Gladness. Akauliza kama ile ni sahihi yangu, nikasema ndiyo. Kisha akaweka kalamu chini.

"Dada Gladness, aliyekuletea barua alikueleza chochote?"

Mzee alikuwa ananitazama. Nilitazama kalamu. Nilisema, "Sikujua ni ya nini."

Ndalahwa aliichukua tena kalamu taratibu, kama vile alijua hilo si jibu la swali lake. Halafu akaandika. Alisema atapeleka maelezo juu, lakini asingependa kumdanganya Mzee: barua iliyopokelewa ofisini, na mfanyakazi, kwa mhuri wa kampuni, imepokelewa. Tukaaga. Kwenye ngazi Mzee alinishika bega, akasema, "Umejitahidi, mwanangu."

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Safari hii yalipokelewa na Mzee mwenyewe. Ombi la kusimamisha ukamataji halikukubaliwa. Tarehe ya kupokea ni tarehe nne. Ombi la kusamehewa theluthi lilikuwa nje ya muda, kwa hiyo pingamizi halikupokelewa, na makadirio yanabaki kama yalivyo. Bernadetta alisema bado kuna bodi ya rufaa, akaanza kuzungumzia wakili. Mzee aliuliza wakili anakula nini.

Umeme ulikatwa Jumatano. Obedi, fundi wetu, alizunguka mashine nzima akigusa mabomba, kama anavyogusa mtu paji la uso la mgonjwa. Makopo mia moja na ishirini yalikuwa bado kwenye tangi la maji ya chumvi. Wachuuzi walikuja kununua yaliyoganda nusu kwa bei ya kutupa, wengine wakayachukua bure, na mmoja akasema kwa dhihaka kwamba leo Mhaya ana huruma. Yaliyobaki tuliyatoa nje. Yaliyeyuka uwanjani, maji yakashuka taratibu kati ya mawe mpaka ziwani. Mzee alisimama akitazama. Alisema, "Njooni mhesabu na haya," lakini hakukuwa na mtu wa Mamlaka pale wa kumsikia.

Watu kumi na mmoja tulikwenda nyumbani. Mimi nilirudi Mkolani kwa dada yangu, na sasa nauza maandazi. Mzee alikwenda kukaa Muleba. Nasikia anaumwa presha. Mara mbili amenitumia salamu kupitia Bernadetta, akisema nisijilaumu, mtu hawezi kulaumiwa kwa kitu asichokijua. Bernadetta alinieleza hayo huku akinunua maandazi. Nikamfungia kwenye gazeti, nikasema asante, mwambie shikamoo.

Siku ile ya tarehe nne, yule baba mwenye kipara hakuondoka mara moja. Alivaa kofia ya pikipiki, kisha akaivua tena, akarudi mlangoni. Aliniuliza bosi yuko wapi. Nikamwambia kwenye msiba. Akasema, "Mpigie hata hivyo, dada. Siku zinaanza kuhesabiwa leo. Umenielewa?"

Nilikuwa na namba ya Mzee. Nilikuwa na salio. Nilishika simu mpaka kioo kikazima chenyewe, nikiwaza nitaanzaje, niseme pole kwanza au niseme barua kwanza, na kama atanigombeza mbele ya ndugu zake. Kila siku kwa siku kumi na sita nilisema nitapiga kesho.

Nilimwelewa. Mzee, nilimwelewa vizuri kabisa.