Vitabu vya Ahlam

Audax, aliyekuwa akikusanya vitabu vya maktaba ya kijijini kwao, aliweka masharti mwenyewe: kitabu kisikose kurasa, kisiwe cha mtaala wa zamani, kisiwe na ukungu. Jumamosi, barazani kwake Temeke, jirani yake Bahiya alimletea mfuko wa vitabu vya hadithi vya marehemu bintiye, Ahlam. Audax akafungua kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vimeota ukungu mpaka ndani.

“Mama Ahlam, hivi siwezi kuvichukua. Vitaambukiza vingine.”

“Hata kimoja, baba? Watoto walione jina lake lililoandikwa ndani tu.”

“Hata kimoja.”

“Nilivifungia kabatini miaka yote asiviguse mtu,” alisema Bahiya. “Kumbe mie ndiye niliyeviozesha.”

Audax akavirudisha vitabu mfukoni, kimoja kimoja. Bahiya akaukumbatia mfuko wake, akarudi kwake.