Miadi ya Ma Clotilda

Mimi Renatha nimekaa mapokezi ya zahanati yetu hapa Bukoba miaka tisa, na barua pepe ile niliiandika nimenuna. Dakta Kaijage alitaka watu wajiwekee miadi mtandaoni. Haya, nikawaandikia wagonjwa wote: fungua kiungo, chagua kliniki, chagua siku na saa, jaza namba ya kadi, subiri ujumbe wa kuthibitisha. Mwishoni nikaongeza, baada ya kubishana naye asubuhi nzima: asiye na intaneti apige simu kama zamani, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa tisa, nafasi ni zilezile.

Wiki iliyofuata Ma Clotilda akapiga kutoka Buganguzi kuomba siku yake ya kliniki ya presha. Nikatazama kompyuta. Ameshawekewa, Alhamisi saa tatu.

"Na nani?"

Nikasoma sehemu ya anayemwekea mgonjwa: Audax, mwanawe.

Akaniomba nilirudie jina hilo. Hapo nikakumbuka. Wazee wetu wakiandikishwa hutoa barua pepe za watoto wao, na sisi tunazijaza tu bila kuuliza. Audax aliondoka baada ya kumzika baba yake, akiwa amegombana na mama kuhusu kibanja, shamba la migomba la familia, akabadili namba. Miaka mitatu hakuna salamu. Barua yangu ilikwenda kwake.

Alhamisi mama alikuja amevaa gauni la kanisani. Nikamwonyesha kwenye skrini namba mpya aliyoijaza Audax, nikamwambia apige. Akakataa.

"Nikimpigia mimi, nitakuwa nimemlazimisha. Mwezi ujao usiniwekee, Renatha. Ataweka yeye."

Nilimkasirikia. Presha haina subira! Lakini kila asubuhi nilifungua kompyuta na jina la Audax ndilo nililotafuta kwanza, kabla hata ya chai. Siku ya ishirini, hakuna. Ya ishirini na tano, hakuna. Nilitamani lile jina kana kwamba Audax ni ndugu yangu mwenyewe.

Siku ya ishirini na nane vidonge vya Ma Clotilda vilikuwa vimebaki viwili. Alikuja bila miadi, akakaa kwenye benchi mbele yangu.

"Ma, nikuwekee sasa hivi. Ni dakika moja."

"Ngoja kidogo."

Alikuwa amengoja miaka mitatu, na bado alikuwa na kidogo cha kungoja. Roho iliniuma.

Saa nne simu ya mezani ikalia. Sauti ya mwanaume, ya aibu. Alisema kiungo kinamgomea tangu juzi, halafu akaona kwenye barua kwamba simu bado inapokewa. Anaomba kumwekea mama yake miadi, Clotilda wa Buganguzi.

"Mama yako yuko hapa," nikasema. "Nimpe?"

"Mpe."

Nikanyoosha mkonga wa simu juu ya kaunta. Ma Clotilda akajifuta kiganja kwenye kitenge, akaupokea kwa mikono miwili. Hakuuliza kuhusu kibanja, wala miaka mitatu. Aliuliza kama amekula.