Machozi ya Bwana Anestis

Bwana Anestis, fundi viatu wa hapa Volos, aliingia chumba chetu cha kupimia tumbo akinitania kwamba tumemnyima kahawa tangu jana ili tumkomoe. Mimi muuguzi nikamchoma sindano ya midazolam, dawa ya kumtuliza. Daktari akapitisha mpira wenye kamera kooni, akaona uvimbe, akakata kipande cha kupeleka maabara. Uso wa daktari ulitosha kunieleza.

Baadaye mzee alikaa kitandani, akafunga vifungo vya shati mwenyewe, akamwuliza daktari moja kwa moja, "Umeona nini?"

Daktari alimwona yuko macho kabisa, akamwambia. Saratani, karibu hakika.

Mzee akalia. Kisha akamshika mkono bintiye, Evanthia, aliyeitwa ndani kumchukua. "Mama yako tulimficha, akafa akituuliza anaumwa nini. Mimi usinifiche, mwanangu. Niapie."

"Naapa, baba."

Evanthia akageuka dirishani. Mzee akasinzia kidogo. Alipofumbua macho akauliza kwa sauti ileile, "Haya, wameona nini?"

Evanthia akanitazama kama aliyeona jini. Nikamvuta mlangoni.

"Si alikuwa macho, dada? Si aliongea?"

"Aliongea, na alikuelewa. Dawa hii haizibi masikio wala haifungi ulimi. Inazuia ubongo kuweka kumbukumbu ya yanayotokea. Ya kabla ya sindano atayakumbuka yote. Haya ya sasa hayakuwekwa."

"Yatarudi kesho?"

"Hayapo, dada. Hakuna cha kurudi. Itabidi aambiwe upya."

Niliona kitu kikipita usoni mwake, nikakichukia kabla hajafumbua mdomo. Nikamkimbilia daktari, ambaye tayari alikuwa na mgonjwa mwingine mezani. "Nimeshamwambia, akanijibu vizuri," akasema bila kugeuka. Nikamweleza kwamba mzee hakumbuki. "Basi binti yake atamwambia. Wenyewe ndio wanaojuana."

Niliporudi, Evanthia alikuwa akimvalisha koti.

"Kidonda tu, baba. Utameza vidonge."

"Kidonda! Mimi nilishajichimbia kaburi!" Mzee akacheka, akamwita mwongo kwa kumnunia wiki nzima kana kwamba anakufa, akataka waende kula samaki bandarini.

Nikamkazia macho Evanthia. Akatikisa kichwa polepole. Kazi ya kumpa mgonjwa majibu si ya muuguzi. Hilo nalijua.

Mzee akajipangusa uso, akashangaa mkono umelowa. Akagusa kola ya shati, nayo mbichi. Akanigeukia mimi, si binti yake.

"Muuguzi, kwani nimelia?"

Evanthia aliacha kufunga kifungo cha koti.

"Dawa, bwana," nikasema. "Wengine huwaliza."

Akanishukuru, tena kwa heshima zote.