Ndugu Zefania wa Ukurasa wa Pili

Theopista alikuwa katibu muhtasi wa shirika moja lililopanga ofisi ghorofani Kashaulili, mjini Mpanda, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Shirika lilishughulika na lishe ya watoto vijijini, na mwaka huo lilikuwa limeajiri wahamasishaji thelathini na mmoja kwa mkupuo. Barua za ajira zote zilipita mikononi mwake.

Jumatano moja, saa sita mchana, bosi wake Evarist, afisa utawala, alisimama mlangoni kwake na funguo za gari mkononi.

"Theo, barua ziondoke na mabasi ya leo. Watu waripoti Jumatatu."

"Zote thelathini na moja, bosi?"

"Si una ile ya mwaka jana? Badilisha majina tu."

Ile ya mwaka jana ilikuwa barua ya mtu mmoja, Zefania, aliyepelekwa kituo cha Mwese. Theopista aliifungua, akafuta jina na anwani pale juu, akaweka nafasi ambazo kompyuta ingezijaza yenyewe kutoka kwenye orodha: jina, anwani, kituo. Akajaribu. Jina la kwanza likaja, la pili likaja, la tatu likaja, kila mtu na kituo chake. Aliangalia ukurasa wa kwanza peke yake, kwa sababu ndiko alikoweka nafasi zile. Akachapa.

Evarist alisaini akiwa amesimama. Saini yake ilikuwa chini ya ukurasa wa pili, kwa hiyo Theopista alimfunulia ukurasa huo mara thelathini na moja, na mara thelathini na moja akagonga mhuri pembeni ya saini. Juu kidogo ya saini hiyo kulikuwa na aya fupi ambayo wote wawili hawakuisoma: "Ndugu Zefania, kituoni utapatiwa nyumba ya kuishi wewe na mke wako. Tunakutakia kazi njema."

Emelyne aliipokea barua yake Ijumaa, kwao Katumba, kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ana stashahada ya maendeleo ya jamii, na kwa miaka miwili alikuwa akilima karanga na wazazi wake huku akituma maombi ya kazi. Kituo alichopangiwa kilikuwa Usevya. Baba yake, mzee Polycarpe, alimwambia asome kwa sauti. Akasoma. Alipofika kwenye ile aya akairudia kimoyomoyo.

"Wamekosea hapa, baba. Wameniita Zefania. Eti nyumba ya mimi na mke wangu."

Mama yake, Donatille, alicheka mpaka akafuta macho. Polycarpe hakucheka.

"Uwapigie simu kwanza."

"Ni kosa la kuchapa, baba. Jina langu si hili hapa juu? Nikienda watarekebisha."

Hata hivyo aliipiga picha barua ile kurasa zote mbili, kama alivyozoea kupiga picha kila karatasi yake. Jumapili akapanda basi, akapita Sitalike na mbuga yote, akalala kwa rafiki yake Kibaoni. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa Usevya, mbele ya meza ya meneja wa kituo.

Meneja huyo aliitwa Erasmus. Alikuwa mtu wa makini, wa kupanga kalamu zake kwa urefu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akatikisa kichwa kukubali, akafunua wa pili. Akarudi wa kwanza. Kisha akaziinua karatasi zote mbili dirishani.

"Dada, unaitwa nani?"

"Emelyne Polycarpe."

"Zefania ni nani wako?"

"Simjui. Nadhani ni makosa ya ofisi."

"Mimi namjua. Yuko Mwese, tulifanya semina naye. Ana mke, kama barua inavyosema." Akaweka kidole juu ya saini. "Huu ukurasa ni halali, una mhuri wetu. Ni barua yake. Huu wa kwanza ndio umeenda kujichapia stesheneri. Barua ya Zefania umeipata wapi?"

Emelyne alidhani anatania. Alipoona hatanii, akafungua mkoba wake. Akatoa vyeti vyake kimoja kimoja: cha chuo, cha kidato cha nne, kitambulisho, na mwisho cheti cha uraia cha baba yake, kilichopigwa lamineti, ambacho familia nzima imeandikwa humo. Alidhani kitamsaidia.

Erasmus alikishika hicho muda mrefu kuliko vingine.

"Kumbe wa Katumba," alisema. "Nyie watu mna makaratasi."

Akapiga simu Mpanda. Emelyne alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini ulimtosha. Evarist alijibu bila kufungua faili lolote: ofisi yake haiwezi kumwita msichana Zefania, wala kumpa mke, huyo kaghushi, asipokelewe. Erasmus alimrudishia vyeti vya shule. Barua na cheti cha uraia akavitia kwenye bahasha ya kaki, akasema vinabaki kwa uchunguzi.

"Shukuru siiti polisi," alimwambia.

Watu watatu waliokuja kuripoti siku hiyo, kila mmoja na bahasha yake ambayo Erasmus alikuwa hajaifungua, walikuwa wamekaa kwenye benchi nje wakisikiliza. Mmoja alikuwa na ndugu Katumba, akawapigia simu. Emelyne alipofika nyumbani Jumanne, habari ilikuwa imemtangulia.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, yeye na baba yake walipanda ngazi za ofisi ya Kashaulili. Evarist hakuwepo. Theopista aliwapa viti, akawauliza shida yao, na Emelyne akaeleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Kisha akampa simu yenye ile picha.

Theopista alisoma ukurasa wa kwanza. Akasogeza picha. Aliposoma "Ndugu Zefania" aliiweka simu mezani. Aligeukia kompyuta, akafungua faili, akateremka mpaka ukurasa wa pili. Alibofya jina la Emelyne pale juu, likageuka kijivu, maana lilitoka kwenye orodha. Akabofya jina la Zefania. Halikugeuka chochote. Lilikuwa herufi tu, alizoziandika mwenyewe mwaka jana. Akaangalia barua ya nne, ya kumi na mbili, ya thelathini na moja. Wote walikuwa Ndugu Zefania. Wote walikuwa na mke.

"Ni mimi," alisema. "Dada, hukughushi kitu. Ni mimi nimekosea."

Mzee Polycarpe aliuliza polepole, "Hizo nyingine zimeandikwa hivyohivyo?"

"Zote, mzee."

"Na wale wengine wamepokelewa?"

Theopista hakuwa amelifikiria hilo. Kabla hajajibu, Evarist aliingia. Theopista akasimama, akamweleza mbele yao yote, akageuza kioo cha kompyuta aone. Evarist hakuangalia.

"Najua," alisema. "Zefania mwenyewe alinipigia toka Mwese, Jumanne ya wiki iliyopita. Kapelekewa kijana mwenye barua ya jina lake. Tulicheka sana. Nikamwambia wampokee tu, ni template ya mwaka jana. Na huko kwingine wakipiga niliwaambia hivyo. Hata Erasmus, alipouliza kuhusu wale wake watatu."

"Jumanne?" Theopista alisema. "Siku moja baada ya huyu kufukuzwa?"

"Nilikuwa na ripoti ya wafadhili, Theo."

"Simu moja tu, bosi. Ungemwambia Erasmus na huyu vilevile."

"Na barua isingekosewa, simu ingehitajika ya nini?" Akawageukia wageni, akalainisha sauti. "Mzee, poleni sana. Ila nafasi ya Usevya imeshajazwa. Asiyeripoti ndani ya siku saba tunachukua wa akiba, ndivyo barua inavyosema."

"Aliripoti," mzee Polycarpe alisema. "Siku ya kwanza."

"Kwenye daftari la kituo hayumo."

Mzee alisimama. "Mimi nilivuka kuja nchi hii nikiwa mgongoni mwa mama. Tumehojiwa, tumeandikwa, tumesubiri miaka, tukapewa ile karatasi. Na yule bwana amemwambia mwanangu sisi ni watu wa makaratasi. Cheti changu kiko wapi?"

Evarist aliahidi kukifuatilia. Kilirudi baada ya wiki tatu kwenye buti la basi, kimekunjwa katikati mpaka lamineti ikapasuka.

Siku moja baada ya ugeni ule, Ijumaa, Theopista alipewa barua ya onyo, iliyosainiwa na Evarist. Ilisema ameitia ofisi aibu kwa uzembe wa uchapaji. Aliisoma yote, kurasa zote mbili, akitafuta kama kuna mahali panapomtaja aliyesaini bila kusoma. Hapakuwa na mahali. Akaiweka kwenye jalada lake, kama utaratibu unavyotaka, kisha akafungua ukurasa mtupu. Hakuchukua barua ya zamani. Aliandika upya, neno kwa neno, kwamba Emelyne Polycarpe alipewa barua halali ya ajira, kwamba kosa lilikuwa la ofisi, kwamba hakughushi chochote. Alipeleka nakala kwa kila meneja wa kituo, akiandika juu yake jina la meneja huyo. Evarist alikataa kuigonga mhuri, ikaenda na saini ya katibu muhtasi peke yake. Erasmus hakujibu.

Nakala moja aliipeleka mwenyewe Katumba, siku ya Jumapili. Mzee Polycarpe aliomba isomwe kanisani baada ya matangazo, na mwinjilisti akaisoma. Watu wakasema pole. Mwanamke mmoja benchi la nyuma alimnong'oneza mwenzake, si kwa chini sana, kwamba barua ya kumsafisha haina hata mhuri. Donatille alisikia. Aliinamisha kichwa mpaka ibada ikaisha.

Emelyne hakuwa kanisani. Theopista alimkuta shambani, anang'oa karanga, udongo umemfika viwikoni. Akamsalimu, akamweleza kuhusu barua, akasema mwezi wa nne kutakuwa na nafasi nyingine na yeye mwenyewe atamjulisha.

"Za wapi?"

"Mwese. Na Usevya tena."

"Atakayesaini nani?"

"Bosi yuleyule."

"Dada, sina chuki na wewe," Emelyne alisema. "Umekuja mpaka huku, mwenzako hakuja. Lakini pale Usevya wale waliokaa kwenye benchi, barua zao zilisema Zefania kama yangu. Erasmus aliona kosa kwao. Kwangu akaona mwizi. Sasa hiyo utaiandikia barua gani?"

Akayafunga mashina ya karanga kwa kamba ya gome, akainua mzigo kichwani, akatangulia kwenye njia ya nyumbani. Theopista alimfuata nyuma, na Emelyne hakugeuka kumwambia arudi, wala kumwambia karibu.