Bei ya Kuanzia

Siku ile mjinga alikuwa mimi. Ninalisema mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Bel-Air wamezoea kunisikia nikicheka ujinga wa wenzangu, na wakiipata habari hii kwa mdomo mwingine wataitia chumvi mpaka isilike.

Nina kibanda cha fotokopi, kompyuta mbili na betri ya kusaidia umeme ukikatika. Watu wananiletea formulaire, zile fomu za kuomba kazi kwenye Internet, nami nawajazia. Kabla ya hapo niliuza maharage ya jumla kutoka kwetu Butembo, hadi vita na barabara vilipokula malori yangu yote mawili. Biashara ilininyang'anya kila kitu, ikaniachia somo moja nililolishika kama Amri ya Kumi na Moja: usitaje kamwe bei yako ya kweli kwanza. Taja ya juu, mwenzako ashuke, mkutane katikati.

Jumatano moja alikuja Vital Kalaba wa mtaa wa Ruashi na mke wake Domitille. Vital ameendesha benne, yale malori makubwa ya kubeba mawe ya mgodi, miaka kumi na mmoja bila kukwaruza hata taa. Kampuni yake ilifunga mwezi wa kwanza, na tangu hapo nyumba inakula unga anaouza Domitille sokoni. Sasa kampuni moja ya njia ya Kambove ilitangaza kutafuta madereva. Mwisho wa kuomba ulikuwa Ijumaa.

Formulaire ilianza na maswali, CV ikaja nyuma. Swali la kwanza: je, una haki ya kufanya kazi Congo, kama raia au kama mgeni mwenye kadi ya kazi? Nikamuuliza Vital kama ana hakika, maana akina Kalaba wengine tunawajua, wamejaa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Domitille akacheka, Vital akatoa kadi yake ya uchaguzi, ndicho kitambulisho chetu, akaiweka mezani kama aliyesimamishwa na polisi. Nikabonyeza ndiyo. Swali la pili: permis, yaani leseni, ya malori mazito, na tarehe inapokwisha. Aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, bado ilikuwa na miaka miwili mbele. Nikaandika.

Swali la tatu: unataka mshahara gani kwa mwezi, kwa dola?

Vital akasema mia saba na hamsini. Ndio aliokuwa akipata, na ulimtosha. Nilimcheka mpaka mteja wa fotokopi akageuka. Nikamwambia mzungumza bei wa namna yake angeuza ng'ombe kwa bei ya mkia. Nikaandika: 1400, à discuter, yaani bei ya kuzungumza. Kisanduku kikawa chekundu. Kilitaka tarakimu tu, maneno hakikuyapokea. Nikafuta maneno, nikaiacha namba.

Domitille alikuwa nyuma ya kiti changu. Aliuliza, "Na hiyo bei, atazungumuza nayo na nani?"

Nikamweleza kwa uvumilivu wa mwalimu. Patron, mwenye kazi, ataona 1400, atapiga simu, atasema mia nane. Sisi tutaguna kidogo. Tutamalizia kwenye mia tisa, na yeye Domitille ataniletea kuku. Vital ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba mimi ninayajua mambo haya kuliko yeye.

Tukatumia karibu saa nzima kuipamba CV. Niliandika kila mashine aliyoishika, niliandika miaka kumi na mmoja bila ajali kwa herufi nzito. Ilikuwa CV nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nikatuma.

Alhamisi asubuhi jibu likafika: wanasikitika, ombi halikuendelea. Vital alinifanya nimsomee barua mara tatu. Akadhani ni umri wake, arobaini na tisa. Nikamwambia hapana, hizo ni kazi za kupeana, kila patron ana watu wake wa nyumbani. Nilisema hivyo nikiwa na hasira ya kweli, na yeye aliniamini. Alirudi kwao kwa miguu.

Jumamosi akaingia Dorcelle, mteja wangu wa siku nyingi. Yeye anafanya kazi katika ofisi ya kuajiri ya kampuni ileile. Nilimrukia na ukabila wao kabla hajatoa karatasi zake. Alingoja nimalize. Kisha akaniuliza swali moja tu: mtu wako aliandika mshahara gani?

Nikamtajia.

Alinieleza bila kunidharau, jambo lililoniumiza zaidi. Yale maswali matatu ya mwanzo ni ungo. Kampuni yenyewe inaweka kipimo kabla ya tangazo kutoka: asiye na haki ya kufanya kazi nchini, nje; permis isiyofaa au iliyokwisha, nje; mshahara unaozidi mia tisa na hamsini, kiwango cha juu cha kazi ile, nje. Mashine inasoma jibu, inaweka jina kwenye fungu la waliokataliwa, na barua ya masikitiko inajituma. Maombi yalikuwa zaidi ya mia sita. Mbele yake yalifika chini ya mia mbili, na hizo CV ndizo alizosoma.

Nikamwuliza kuhusu ile ya Vital, miaka kumi na mmoja bila ajali.

"Sikuifungua, Papa Kambale. Sijue hata sura yake."

Nilimwomba amtoe kule kwenye fungu. Alisema anaweza, lakini lazima aandike sababu na mkubwa wake aisome, na sababu yenyewe ingekuwa ipi? Kwamba mwandishi wake alikuwa anatania? Kuomba upya pia hakuwezekani: kwa kazi moja namba ya permis inaingia mara moja tu, na mlango ulifungwa Ijumaa. Akalipia fotokopi zake. Nilitaka kumrudishia zile franga, sijui kwa nini.

Ningeweza kunyamaza. Vital alikuwa ameshanisamehe kosa asilolijua. Lakini Jumapili, baada ya ibada, nilienda Ruashi. Walikuwa wamekaa mbele ya nyumba yao isiyopigwa bado lipu, na Domitille akanipa kiti kizuri, kile chenye mgongo. Nikakaa hapo nikasema yote.

Vital alitazama mikono yake. Aliuliza tu, "Saba hamusini ingepita?"

Nikasema ingepita.

Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu. Badala yake nikaanza kujitetea. Nikasema mashine ile ni pumbavu, tangu lini bei ya kwanza ikawa ya mwisho? Duniani kote watu wanaanzia juu. Nikamgeukia Domitille, kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara mwenzangu, nikamwambia hata wewe pale sokoni unafanya hivyohivyo, ungekuwa kwenye kiti changu ungeandika kama mimi.

Alikuwa anapepeta unga. Akauweka ungo chini.

"Papa Kambale, mi nauzishaka unga. Mukiliya akikatala bei, naona anageuka, namuita arudie. Weye ulitaja bei kwa mulango yenye imefungwa, na mali yenye ulikuwa unauzisha ilikuwa bwana yangu."