Mwalimu Rwezaura na Neno Pita

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa nne na robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakiilowesha migomba ya Nyakasimbi, na Mwalimu Rwezaura aliketi kitini, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa jiko, ambao hupokea joto la moto wa upande wa pili. Kiti hicho kilikuwa haki ya mkubwa wa umri katika makao yale ya wazee, na pamoja nacho zilikuja shikamoo za nyumba nzima. Siku aliyofika, miaka miwili iliyopita, Mwalimu alitangaza kwamba ametimiza themanini na minne. Hakuna aliyemdai cheti cha kuzaliwa. Nani amsahihishe hesabu mtu aliyeifundisha miaka thelathini na mitano?

“Binti yangu,” alimwambia Mukashema, bibi mwembamba aliyeketi penye upepo, “leo utafunga vizuri hiyo shali. Nina hamu ya kukushinda mchezoni.”

“Asante, Mwalimu,” alijibu Mukashema kwa unyenyekevu uliomtia Mwalimu shaka kidogo.

Adela, mtunzaji wao, aliweka mezani ubao aliouchora mwenyewe. Ulikuwa na vyumba kumi na viwili, na katika kila chumba kadi moja ya boksi gumu iliyofunikwa. Upande wa chini wa kadi hizo zilikuwa picha sita kubwa, kila moja mara mbili: jembe, taa, baiskeli, kigoda, redio, mkeka. Mchezaji hufunua kadi mbili. Zikitofautiana, huzifunika palepale, na wote hujitahidi kukumbuka zilipo. Zikilingana, huzichukua na kusimulia jambo la maisha yake linalohusu picha ile. Kisha anayefuata, kabla hajagusa kadi, hurudia jambo moja alilolisikia. Aliyesahau husema “pita”, haadhibiwi wala hachekwi, na swali humwendea wa pili yake.

Mwalimu hakuwa amesema “pita” hata mara moja tangu mchezo uanze mwezi Juni. Wengine walipita kama wanavyopiga chafya. Yeye aliliona neno hilo kuwa la wazembe.

Kadi zilifunuliwa na kufunikwa, mizunguko mitatu ya kukosa. Mzunguko wa nne Mwalimu alizipata baiskeli mbili, akakohoa kama aliye mbele ya darasa.

“Siku ya Uhuru, mwaka sitini na moja, niliifunga bendera kwenye baiskeli ya padri na kuteremka nayo mlima. Breki hazikuwepo. Niliingia katika kahawa ya watu, bendera ikabaki juu ya mti. Nilichapwa mbele ya darasa la pili lote, na sikulia.”

Walicheka, naye alifurahi.

“Zamu ya Mukashema,” alisema Adela. “Turudishie jambo moja, bibi.”

“Alichapwa mbele ya wenzake wa darasa la pili,” alisema Mukashema taratibu, akafunua kadi mbili bila kusita. Mikeka. “Mimi mkeka wangu niliuviringisha nikauweka kichwani. Mwaka mmoja kabla ya huo Uhuru wa Mwalimu nilivuka mto Kagera kutoka Rwanda, na mgongoni nilikuwa na mwanangu wa kwanza. Tulilala juu ya mkeka huo Kyerwa, miezi mitatu.”

Gaspari, mchezaji wa tatu na wa mwisho, mnunuzi wa kahawa mstaafu ambaye bei za msimu wa sabini na saba bado alizijua kwa kichwa, alijikuna kidevu.

“Ala! Nimesahau lote,” alisema. “Pita.”

“Gaspari, wewe mwongo,” alinong’ona Mwalimu.

“Uzee huu. Swali ni lako, Mwalimu.”

Mwalimu alihesabu, kwa kuwa hakuweza kujizuia kuhesabu. Mtoto wa darasa la pili, miaka minane, tisa kwa wingi. Mama mwenye mtoto mgongoni, kumi na saba kwa uchache. Angeweza kupita, kiti na shikamoo zingebaki, na hakuna ambaye angemcheka. Lakini angekuwa amesema kwamba amesahau, na hakuwa amesahau hata herufi.

“Alivuka,” alisema hatimaye, sauti yake ikiwa kavu, “mwaka sitini, akiwa mama, wakati mimi niko darasa la kwanza.”

“Kumbe!” alisema Gaspari. “Basi ile themanini na sita tuigawe vipi?”

“Usinifundishe hesabu.”

Alisimama kwa fimbo yake, akakiacha kiti, akaenda hadi miguuni pa Mukashema, akavua kofia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Mukashema alihamia kwenye kile kiti, akaegemea ukuta, akafumba macho kwa raha. “Nilikupa yako kila asubuhi, miaka miwili mizima.”

“Ninajua idadi yake,” alisema Mwalimu. “Utazipata zote, moja kila siku, kabla ya uji. Hii ya leo ni ya kwanza.”